Mgeni wa Mradi Afike Saa Ngapi?

Saa 6:30 mchana, kwenye kilula cha maji cha kijiji chochote cha Kondoa, huwa hakuna watu. Jua ni kali, madumu yamesharudi nyumbani tangu asubuhi, na akina mama waliochota maji wako shambani au jikoni. Mfadhili anayefika saa hiyo ataona bomba linalong'aa, zege safi, bango lenye nembo, na kundi la watu walioitwa kuja kumpokea. Atapiga picha, atapiga makofi, ataondoka. Kuhusu maji yenyewe atakuwa hajajua chochote.

Mashirika mengi yanayopokea fedha za wafadhili hupanga ziara kuanzia upande wa mgeni: ndege inatua lini, hoteli ni ipi, chakula cha mchana kitaliwa wapi. Kijiji kinapewa masaa yanayobaki. Ziara yenye manufaa hupangwa kinyume chake. Mratibu huuliza kwanza kazi ya mradi huonekana saa ngapi, kisha ndiyo anahesabu barabara, usiku wa kulala na magari kurudi nyuma kutoka hapo.

Chukulia mradi wa maji katika kijiji kilicho kilomita 30 za barabara ya vumbi kutoka Kondoa mjini, mkoani Dodoma: kisima kirefu, pampu ya umeme wa jua, tangi, na vilula kadhaa. Kutoka Dodoma hadi Kondoa ni kilomita zipatazo 160 za lami, sehemu ya barabara kuu inayokwenda Babati. Kwenye ramani safari hiyo inaonekana ya saa moja na nusu. Lakini njiani kuna vijiji, na kwenye makazi mwendo hauruhusiwi kuzidi kilomita 50 kwa saa, kwa hiyo dereva anayefuata sheria ahesabiwe saa mbili na nusu. Vumbi la kilomita 30 ni saa moja nyingine wakati wa kiangazi.

Mpango wa kwenda na kurudi siku moja huwavutia wengi kwa sababu unaokoa gharama ya malazi. Hesabu yake ni hii. Magari yanatoka Dodoma saa 2 asubuhi na kufika Kondoa saa 4:30. Hapo kuna kusaini kitabu cha wageni kwa Mkuu wa Wilaya na kwa Mkurugenzi. Kiongozi akiwa kwenye kikao, saa nzima imekwenda. Kijijini ni saa 6:30, kwenye kilula kisicho na watu. Wakikaa saa mbili tu, wanaondoka saa 8:30 na kuingia Dodoma saa 12 jioni, ikiwa hakuna tairi lililopasuka. Jua Dodoma huzama karibu saa 12:30, na mashirika mengi yamekataza magari yao kutembea usiku, kwa sababu nzuri: malori yasiyo na taa, ng'ombe barabarani, waendesha pikipiki wasioonekana. Mpango huo hauna nafasi ya kukosea hata mara moja.

Ukiongeza usiku mmoja Kondoa, kila kitu kinabadilika. Siku ya kwanza wageni wanasafiri bila haraka, wanafika mchana, wanasalimia ofisi za wilaya na kuzungumza na wahandisi wa RUWASA, wakala uliokabidhiwa maji ya vijijini tangu mwaka 2019. Mgeni akitamani kuona michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, jioni hiyo ndiyo nafasi yake, isiwe mchana wa kijiji. Siku ya pili wanaondoka saa 12:45 asubuhi, kumeshapambazuka, na saa 1:45 wako kwenye kilula wakati foleni bado ipo. Wakitoka kijijini saa 7 mchana, watakuwa Dodoma kabla ya saa 11 jioni, na bado wana saa moja na nusu ya mwanga kwa ajili ya pancha au matope.

Yapo mengi ya kuona kwenye foleni hiyo, na hayahitaji hotuba. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka kila mwanakijiji apate lita 25 kwa siku, kutoka kituo kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Mgeni anaweza kuyapima mwenyewe. Dumu la lita 20 likiwekwa chini ya bomba linalotoa lita 10 kwa dakika, linajaa kwa dakika 2. Likichukua dakika 6, kuna tatizo la msukumo wa maji, pampu au koki, na hapo mazungumzo na fundi yanaanza yenyewe. Kisha amfuate mama mmoja aliyekubali, watembee pamoja hadi kwake. Mita 400 mtu huzitembea kwa dakika 5 au 6. Wakitembea 20, ripoti iliyosema kijiji chote kimefikiwa itabidi isomwe upya.

Hapo ndipo linapokuja suala la nani akutane na mgeni, na ndilo linaloharibiwa mara nyingi zaidi. Mratibu mwenye haraka humpigia simu mwenyekiti wa kijiji na kumwomba aandae wanufaika 10. Mwenyekiti, kama binadamu yeyote, huwaita anaowafahamu: ndugu, wajumbe wa kamati, waliojenga nyumba karibu na bomba. Wote watasema maji ni mazuri, na watakuwa wanasema kweli. Wasiosikika ni wale wa kitongoji cha mbali, mzee asiyeweza kulipia dumu, na nyumba ambazo kilula chao hakijatoa maji tangu mwezi uliopita.

Njia iliyo bora ni kuanza na daftari la jumuiya ya watumia maji. Mratibu afike kijijini wiki moja kabla, afungue daftari pamoja na katibu, na wachague kaya kwa kura: mbili za karibu na kilula, mbili za mbali, moja ya kilula kinachosumbua. Mwenyekiti na mtendaji wa kijiji washuhudie ili heshima yao isiguswe na asiwepo wa kunung'unika kwamba kuna upendeleo. Halafu kila kaya iulizwe kama inakubali kutembelewa, na iambiwe wazi kwamba ikikataa haitapoteza chochote. Anayekubali aelezwe mgeni ni nani, ataulizwa nini, na hatapewa fedha.

Mkalimani naye achaguliwe kwa uangalifu. Wengi Kondoa wanaongea Kiswahili vizuri, lakini bibi mwenye umri mkubwa huenda akajieleza kwa uhuru zaidi kwa Kirangi. Mtendaji wa kijiji asiwe mkalimani. Mama ambaye anataka kusema kwamba fedha za maji hazijulikani zinakokwenda hawezi kulisema hilo kupitia mdomo wa mtu anayesimamia kijiji. Mwanamke kutoka kijiji jirani, asiye na cheo katika mradi, hufaa zaidi. Na viongozi wapewe muda wao rasmi, mwisho wa ziara, ili wasilazimike kusimama nyuma ya kila mazungumzo.

Picha ni jambo jingine la kumalizwa kabla ya siku yenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika, na sura ya mtu pamoja na jina lake ni taarifa zake. Ridhaa iombwe kwa maneno anayoyaelewa: picha itatumika wapi, na anaweza kukataa hata baada ya kukubali. Kwa mtoto, mzazi ndiye anayekubali. Wanafunzi wasitolewe darasani kusimama juani kuimba. Jambo hilo limezoeleka hadi halishangazi, lakini linakula vipindi vya masomo na halimweleshi mgeni lolote kuhusu maji.

Usalama hauhitaji hofu, unahitaji karatasi moja inayokaa kwenye kila gari. Iandikwe majina ya abiria, namba za simu, mahali mtandao unapokatika, kituo cha afya kilicho karibu, na hospitali ya kupeleka mgonjwa mahututi, ambayo kwa safari hii ni ya Kondoa kwanza, kisha Benjamin Mkapa jijini Dodoma. Mtu mmoja abaki ofisini kupokea simu kwa saa zilizokubaliwa: wakifika, wakitoka, wakigusa lami. Simu isipopigwa ndani ya nusu saa, yeye ndiye anayeanza kutafuta, na anajua ampigie nani.

Msimu nao una sauti yake. Mvua za Dodoma huanza kati ya Novemba na Desemba na kuisha Aprili, na makorongo ambayo Agosti ni mchanga mtupu yanaweza kujaa kwa saa moja kutokana na mvua iliyonyesha mbali. Ikiwa mfadhili anaweza tu kuja Februari, dereva apewe mamlaka kamili ya kusema hatuvuki, na asiwepo bosi wa kumbishia. Dereva huyo huyo apewe chumba cha kulala chenye utulivu na chakula cha mchana. Ni ajabu jinsi mtu aliyeshika maisha ya msafara mzima anavyosahaulika kwenye bajeti.

Magari mawili aina ya Land Cruiser yanatosha kwa wageni 4, mratibu, mkalimani na maofisa wawili wa wilaya. La pili lipo ili la kwanza likikwama livutwe. Msafara huvimba pale idara inapoongeza mtu, kisha diwani, kisha mwandishi, hadi kijiji kinaona magari 7 yakitimua vumbi na kuanza kudhani mradi mpya unakuja. Idadi iandikwe kwenye barua ya taarifa kwa Mkurugenzi, nakala kwa Mkuu wa Wilaya, walau wiki mbili kabla. Barua hiyo hiyo iseme nani analipa posho na mafuta ya maofisa. Posho isiyoelezwa mapema huzuka kama mgogoro siku ya safari, mbele ya mgeni.

Kabla ya kupanda gari, mfadhili mwenyewe aambiwe jambo moja kwa uwazi: asiahidi. Mwisho wa mkutano mzee atasimama, atashukuru, kisha ataomba zahanati, au bomba la shule. Mgeni mwenye moyo mwema akijibu "tutaangalia", kijiji kitasikia "tutaleta", na mwaka mzima ofisa wa mradi ndiye atakayedaiwa. Jibu sahihi ni kwamba ombi limeandikwa, na majibu yataletwa kwa maandishi kupitia ofisi ya kijiji kufikia tarehe fulani.

Tarehe hiyo iheshimiwe. Mratibu arudi kijijini na karatasi hata kama jibu ni hapana, na abebe pia muhtasari wa yale mgeni aliyoyaona: dumu lilijaa kwa dakika ngapi, kitongoji kipi kiko mbali, kilula kipi kimepangiwa fundi na lini. Bango la jumuiya ya watumia maji, pale penye mapato na matumizi, ndipo pa kuibandika.