Kumchomoa Mbuyu Kutoka Angani

Mbuyu wa Tarangire ukiwa umepukutisha majani ni mtihani kwa anayetaka kuubadilishia anga pichani. Ukibofya `Select Subject` kwenye Photoshop, shina linachaguliwa vizuri. Vitawi vya juu ndivyo vinavyoliwa, na katikati yake vinabaki viraka vya anga la zamani. Zana hiyo hutafuta umbo lenye ukingo, ilhali kitawi chembamba kinaweza kuwa na upana wa pikseli moja tu, tena nusu yake ni gome na nusu ni mwanga.

Afadhali uiache picha yenyewe itoe uchaguzi. Kila picha ya rangi ni picha tatu za kijivu zilizolaliana: nyekundu, kijani na buluu. Fungua `Channels` uzitazame moja moja. Tuseme katika nyekundu anga lina mng'ao wa 120 kati ya 255, na shina lililopigwa na jua lina 160, hapo havitengani. Katika buluu anga linapanda hadi 230, shina linashuka hadi 130, na vitawi 60. Pengo ndilo hilo.

Nakili chaneli ya `Blue`, kwani ukiigusa yenyewe utaharibu rangi za picha. Kwenye nakala fungua `Levels`, weka nyeusi kwenye 90 na nyeupe kwenye 210. Shina litabaki kijivu. Lipake jeusi kwa brashi. Vitawi usivipake. Kijivu cha kingo zao ndicho kinachoufanya mchanganyiko uonekane wa kweli, na ukikaza `Levels` kupita kiasi vitatoka na meno kama msumeno.

Sasa bonyeza `Ctrl` huku ukibofya kijipicha cha nakala: anga limechaguliwa. Weka anga jipya juu, ongeza maski, kisha kuza hadi asilimia 200. Ukiona uzi mweupe ukivizunguka vitawi, hiyo ni nuru ya anga la zamani iliyobaki kwenye pikseli za ukingoni. Fungua `Levels` ya maski, usogeze kitelezi cha katikati kushoto kidogo. Ukizidisha, vitawi vinatoweka.

Kama unataka tu kulitia anga kivuli, huhitaji kukata hivyo. `Ctrl+Alt+2` huchagua kila pikseli kwa kadiri ya mwanga wake. Hifadhi uchaguzi huo kama chaneli, kisha bofya kijipicha chake ukiwa umeshika `Ctrl+Alt+Shift`: kilichokuwa 200 kinakuwa kama 157, kilichokuwa 100 kinashuka hadi 39. Giza linajiondoa, na `Curves` inagusa anga zaidi kuliko mti.

Faili za JPEG zilizobanwa sana huja na chaneli ya buluu yenye vijisanduku na chenga. Hapo jaribu kijani. Na jua likizama anga likageuka la machungwa, buluu haina msaada tena: pengo limehamia kwenye nyekundu.