Shahamu Katika Nyama ya Kusaga: Ni Kiasi Gani Hutoka Kikaangoni?

Katika maduka ya Marekani nyama ya ng'ombe ya kusaga huuzwa kwa pakiti zenye tarakimu mbili, kwa mfano 80/20 au 90/10. Tarakimu ya pili ni asilimia ya shahamu iliyomo katika nyama mbichi, na sheria za nchi hiyo haziruhusu asilimia hiyo kuzidi 30. Kadiri shahamu inavyopungua ndivyo bei inavyopanda. Mnunuzi aliyeshauriwa na daktari kupunguza shahamu hulipa bei hiyo kubwa akiamini kwamba tofauti anayoisoma kwenye pakiti ndiyo tofauti atakayoila. Lakini nyama hailiwi mbichi. Inafaa basi kuuliza: nyama ikishakaangwa na mafuta yake kuchujwa, tofauti hiyo hubaki vile vile?

Protini kama kipimo

Nyama ikikaangwa hupoteza maji pamoja na shahamu, na kwa hiyo kulinganisha asilimia za kabla na za baada ya kupika hakutoshi. Twahitaji kitu ambacho hakitoki, ili tukitumie kama alama. Kitu hicho ni protini, ambayo karibu yote hubaki ndani ya nyama.

Tuchukue nyama ya 80/20. Majedwali ya chakula ya Idara ya Kilimo ya Marekani yaonyesha kwamba gramu 100 za nyama hiyo ikiwa mbichi zina takriban gramu 17.2 za protini na gramu 20 za shahamu. Ikishavurugwa kikaangoni hadi kuwa ya kahawia na kuchujwa, gramu 100 zake zina takriban gramu 27 za protini na gramu 17.4 za shahamu. Mtu akitazama shahamu peke yake atasema kwamba ni gramu mbili na nusu tu zilizotoka. Hilo si kweli. Ili kupata gramu 27 za protini ilibidi tuanze na gramu 157 hivi za nyama mbichi, nazo zilikuwa na gramu 31 za shahamu. Zimebaki 17.4 tu. Kwa hiyo karibu asilimia 45 ya shahamu imeondoka.

Hesabu hiyo hiyo tukiifanya kwa nyama nyingine, twapata mfuatano wa kushangaza. Nyama yenye shahamu asilimia 30 hupoteza kama theluthi mbili ya shahamu yake. Yenye asilimia 20 hupoteza chini kidogo ya nusu. Yenye asilimia 10 hupoteza kama sehemu moja katika saba. Na yenye asilimia 5 haipotezi kiasi cha kutajika.

Matokeo yake ni kwamba nyama hizi hukaribiana baada ya kupikwa. Gramu 100 za nyama iliyopikwa na kuchujwa, ambayo ilianza na asilimia 30, zina gramu 18 za shahamu. Ile iliyoanza na asilimia 20 ina 17.4. Mlaji hawezi kutofautisha hizo mbili. Iliyoanza na asilimia 10 ina gramu 12, na iliyoanza na asilimia 5 ina kama 7.6. Nyama hii ya mwisho imeonekana kana kwamba imeongezeka shahamu, kumbe kilichotokea ni kwamba maji yametoka na shahamu imebaki.

Kwa nini iwe hivyo?

Shahamu ya ng'ombe hukaa ndani ya seli zilizofungwa kwa nyuzi ngumu. Kinu cha kusagia hupasua nyingi za seli hizo, na moto hupasua nyingine. Wakati huo huo, joto likipita digrii 60 za sentigredi, nyuzi za msuli hujikunja na kukamua maji nje. Shahamu iliyoyeyuka hupita katika mianya kati ya punje za nyama. Ikiwa ni nyingi, matone huungana na kutiririka hadi chini ya kikaango. Ikiwa ni kidogo, kila tone hubaki peke yake, limenaswa katika protini iliyoganda, na halina njia ya kutoka. Ndiyo sababu nyama kavu huishikilia shahamu yake yote, nayo nyama nono huimwaga iliyozidi.

Kupima nyumbani

Msomaji anayenunua nyama bucha, ambako hakuna pakiti wala tarakimu, aweza kujipimia mwenyewe kwa mizani ya jikoni. Pima gramu 500 za nyama ya kusaga. Iweke katika kikaango kikavu, bila mafuta ya kupikia, juu ya moto wa wastani, na uivuruge kwa mwiko ili isishikane mabonge. Mwanzoni itatoa maji mengi na kuchemka badala ya kukaangika. Subiri maji hayo yakauke na nyama igeuke rangi. Kisha imimine mara moja katika chujio lililowekwa juu ya bakuli, uiache kwa dakika chache, na uipime tena.

Kwa nyama ya asilimia 20, gramu 500 zitakuwa kama 320. Zimepungua gramu 180, na hapa ndipo wengi hukosea, wakidhani kuwa zote ni shahamu. Shahamu ni kama 45 tu. Sehemu kubwa ya zilizobaki ni maji yaliyoondoka kwa mvuke. Ili kuujua ukweli, weka bakuli katika friji. Shahamu itaganda juu kama utando mweupe, maji yatabaki chini. Inua utando huo na uupime.

Ukipata kidogo kuliko ulivyotarajia, chunguza mambo mawili. Huenda nyama ilipoa kabla ya kuchujwa, kwani shahamu ya ng'ombe huanza kuganda joto likishuka kufikia digrii 40 hivi, na hapo hushikamana na nyama. Au huenda mabonge hayakuvunjwa, na shahamu ikabaki katikati yake. Kwa sababu hiyo hiyo, mafuta hayo yasimwagwe katika bomba la maji machafu, maana yataganda humo.

Mipaka ya matokeo haya

Yaliyosemwa hapa yahusu nyama iliyovurugwa na kuchujwa, kama ile ya kujazia sambusa. Hayahusu kababu, ambazo shahamu yake haina njia fupi ya kutokea, wala mchuzi, ambao shahamu yake yote hubaki sufuriani na huishia sahanini. Anayepika mchuzi wa nyama ya kusaga anapaswa ama kuikaanga na kuichuja kwanza, ama kununua nyama kavu.

Kuhusu bei, njia ya haki ni kuigawa kwa uzito wa nyama iliyopikwa. Gramu 500 za nyama ya asilimia 30 hutoa kama gramu 280. Za asilimia 10 hutoa kama 350. Nyama nono ikiwa na bei pungufu kwa zaidi ya moja ya tano, mnunuzi anayechuja amepata faida, ingawa bado atakula shahamu zaidi kwa kila sahani. Kati ya nyama ya asilimia 30 na ya asilimia 20, kwa anayechuja, tofauti iliyobaki ni ya mfuko tu. Shahamu sahanini ni ile ile. Anayehitaji kweli kupunguza shahamu hana budi kushuka hadi asilimia 10 au chini yake.