Wasichana Sita, Sinia Moja

Mara ya kwanza binti yangu alipoomba rafiki zake waje kulala kwetu, niliwanunulia chipsi, soda na biskuti, nikawaachia sebule. Asubuhi nilikuta glasi 14 kwenye sinki, na kufikia mchana sisimizi walikuwa wamejipanga chini ya mito ya makochi. Fedha zilikwenda kwenye vitu vya dukani, na kazi yote ikabaki kwangu. Safari hii walikuwa sita, pamoja na wangu, wote wa miaka 14 na 15, nami nilibadilisha mambo mawili tu: vyombo, na mahali pa kulia.

Kabla ya yote niliwapigia simu mama zao. Mzazi wa msichana ana haki ya kujua nani watakuwamo ndani usiku huo na wanaume wa nyumba watalala wapi, hivyo nililisema hilo bila kusubiri kuulizwa. Nami niliuliza kama kuna mwenye pumu au asiyekula kitu fulani. Tukapatana waje saa 11 jioni, wachukuliwe saa 4 asubuhi. Saa ya kuondoka isipotajwa, utajikuta unapika na chakula cha mchana. Kila mmoja aliombwa kuja na shuka na mto wake, na hilo peke yake liliniondolea mzigo wa kufua.

Chakula cha jioni kilikuwa pilau. Nililichagua kwa sababu hupikwa kwenye sufuria moja na halina mchuzi wa kumwagika. Mchele kilo moja na nusu, nyama nusu kilo iliyokatwa vipande vidogo, na viazi nusu kilo vilitutosha sote tisa nyumbani. Nilitandika jamvi sebuleni, nikaweka sinia moja kubwa na bakuli la kachumbari, wakanawa kwa birika na beseni, wakala kwa mkono. Hapakuwa na sahani sita wala vijiko sita vya kuosha. Sharti lilikuwa moja: chochote kinacholiwa, kiwe pilau au bisi za usiku, kinaliwa juu ya jamvi. Baadaye jamvi linakung'utwa nje. Kila msichana alipewa kikombe kimoja chenye uzi wa rangi yake kwenye mkono, akanywea juisi ya ukwaju jioni na chai asubuhi.

Pilau lililobaki usiliache jikoni hadi asubuhi. Wali uliokaa nje usiku kucha huweza kutapisha, na kuupasha moto hakuondoi sumu iliyokwisha kujijenga. Utandaze kwenye chombo kipana upoe upesi, kisha uingize kwenye friji ndani ya saa mbili. Usipokuwa na friji, pima mchele uishe usiku huo.

Kifungua kinywa kilianza jioni ileile, na hapa ndipo wageni walipogeuka wasaidizi. Kabla ya kula walikanda unga wa ngano kilo moja kwa tui zito la nazi moja, sukari robo kilo, kijiko kikubwa cha hamira na iliki. Donge liliumuka tukiwa tunakula. Walilisukuma, wakakata maandazi 32, wakayaacha tena dakika 20. Mafuta nilisimamia mwenyewe, maana wasichana sita wanaocheka hawafai kuzunguka karai la moto. Andazi likizama na kukawia kuibuka, mafuta hayajapata moto, nalo litayanyonya. Likigeuka kahawia mara moja, moto umezidi na ndani litabaki bichi. Yakishaiva, yaache yapoe kabisa kabla ya kuyafunika. Ukiyafunika ya moto, yatatoa jasho na asubuhi yatakuwa tepetepe.

Usiku tulilaza magodoro mawili ya futi sita kwa sita sakafuni, wasichana watatu kila moja, na kila godoro na chandarua chake. Tulitangulia kuondoa meza na kuacha njia ya kwenda chooni.

Asubuhi kazi yangu ilikuwa kuchemsha mayai sita na chai ya maziwa, lita moja ya maziwa kwa lita moja ya maji, nikaimimina kwenye chupa. Mayai ya kuchemsha hayachafui kikaango, na maganda huishia kwenye kibakuli kimoja. Sokoni na dukani nilitumia takriban shilingi 33,000, mafuta ya kupikia yakiwa miongoni mwa vitu vilivyokula fedha nyingi. Nusu yake yalibaki, nikayachuja.

Kabla ya saa 4 kila mmoja aliosha kikombe chake, wawili wakasugua sinia na sufuria, mmoja akakung'uta jamvi. Ukiwaalika wa kwako, wape kazi hizo siku wanapofika, kwa majina, kabla mabegi hayajatua chini.