Barua Inayotangulia Tasnifu Iliyosahihishwa

Utetezi wa tasnifu umekwisha, na watahini wameagiza marejeo yasahihishwe. Mwanafunzi anaporudisha kazi, huambatanisha barua fupi yenye jedwali: agizo la mtahini, kilichofanyika, na ukurasa kinapoonekana. Mtahini hasomi upya kurasa 300. Hufungua zile alizoelekezwa tu.

Tuseme mtahini ameandika: "Mazrui (1994) ni yupi?" Ndani ya tasnifu limeandikwa jina hilo moja, na orodha ya marejeo inamtaja Ali Mazrui. Kumbe kitabu hicho cha 1994 kuhusu utambulisho wa Waswahili kiliandikwa na Alamin Mazrui pamoja na Ibrahim Noor Shariff. Kujibu "nimerekebisha" hakutoshi. Jibu linalokaguliwa ni hili: "Mazrui (1994) sasa ni Mazrui na Shariff (1994), uk. 14, 52 na 87. Orodha imesahihishwa, uk. 241 (awali uk. 236)."

Namba hizo mbili za orodha zina sababu. Maneno yakiongezwa, kurasa husogea, na ripoti ya mtahini inafuata namba za zamani. Kwa hiyo safu ya kurasa hujazwa mwisho kabisa, tasnifu ikishatulia.

Kosa moja likigunduliwa, tafuta jina hilo katika tasnifu nzima, kwani mtahini hutaja mfano mmoja tu. Ulichokirekebisha bila kuagizwa kiorodheshe peke yake. Na agizo usilokubaliana nalo lijibu kwa ushahidi, kama vile ukurasa wa jina wa kitabu chenyewe, usiliruke.