Salamu ya siku ya kuzaliwa: uiandikeje kwa mzazi, mfanyakazi mwenzako au ndugu wa mbali?

Msikilizaji mmoja alitupigia studio akiwa na masikitiko. Alikuwa amemtumia mama yake ujumbe mrefu wa siku ya kuzaliwa, aliounakili kutoka kwenye grupu la WhatsApp. Ulikuwa umejaa maneno mazuri: malkia, nyota ya maisha yangu, ua lisilonyauka. Mama hajui kusoma vizuri, kwa hiyo mjukuu alimsomea kwa sauti, majirani wakiwepo. Alipomaliza, mama aliuliza, "Huyu ni nani?" Kisha akauliza tena, "Na mbona hajaniamkia?"

Kijana hakuwa na nia mbaya. Alikosea mambo mawili ambayo tunayaona pia kwenye salamu nyingi mnazotutumia tusome hewani: hakuanza kwa heshima inayomstahili anayesalimiwa, na hakuandika neno hata moja ambalo ni yeye tu angeweza kuliandika.

Kwa mzazi: shikamoo kwanza

Kwa mzazi, "hepi bethdei" au "heri ya siku ya kuzaliwa" haiwezi kuchukua nafasi ya shikamoo. Ukiingia nyumbani huanzi kwa kumpongeza mama kabla hujamwamkia. Ujumbe nao ni kuingia nyumbani. Anza na shikamoo, au salamu ya heshima ya kilugha chenu kama ndiyo mliyoizoea.

Baada ya hapo taja jambo moja tu la kweli aliloktendea. Usiseme "asante kwa kila kitu", maana kila kitu hakionekani. Taja vitumbua alivyouza, baiskeli aliyokopa akupeleke zahanati, au shamba aliloliuza. Halafu muombee heri, na umalizie kwa kusema wewe ni mtoto gani. Huenda namba yako haina jina kwenye simu yake, au umebadilisha laini.

Tulikaa na yule msikilizaji tukaandika upya. Ujumbe ukawa hivi:

"Shikamoo mama. Leo umetimiza miaka 60. Sijasahau ulivyouza vitumbua nipate ada. Mungu akuongezee siku na afya. Jioni nitapiga. Ni mimi mwanao wa Songea."

Ukisomewa huo, huwezi kuuliza "huyu ni nani". Na angalia jambo jingine: hauna siri ndani yake. Kama mzazi husomewa ujumbe na mjukuu au jirani, usiandike habari za ugonjwa wake, deni au ugomvi wa kifamilia. Hayo yasubiri simu ya jioni.

Vipi kama mzazi haijui tarehe yake? Wazee wengi walizaliwa kabla tarehe haijawa jambo la kuandikwa, na iliyo kwenye kitambulisho ni ya kukadiria. Hapo usitaje miaka. Andika, "Leo tunakukumbuka kwa siku yako," inatosha. Na kama imani ya nyumbani haina sherehe za kuzaliwa, mfano baadhi ya Waislamu au Mashahidi wa Yehova, acha maneno ya siku ya kuzaliwa kabisa. Mwamkie, mshukuru, mjulie hali.

Kwa mfanyakazi mwenzako: watu wengine wanasoma

Salamu ya kazini mara nyingi huwekwa kwenye grupu, ambapo mkuu yumo, na wageni wamo. Utani unaofaa mkiwa wawili kwenye chai unaweza kumwaibisha mbele ya wote. Kuna mambo matatu tunayokushauri usiyaguse: umri wake, mwili wake, na ndoa au watoto. Sentensi kama "mwaka huu sasa tule ubwabwa wa harusi" huandikwa kwa furaha, lakini huenda mwenzako uchumba wake umevunjika wiki iliyopita na hajamwambia mtu.

Badala yake, taja kitu cha kazini alichokufanyia. Mwalimu anaweza kumwandikia mwenzake:

"Hongera kwa siku ya kuzaliwa, mwalimu. Nakumbuka ulivyonishikia vipindi vya darasa la sita nilipokuwa nauguza. Uwe na mwaka wa afya na amani. Chai ya leo iko juu yangu."

Kama ni mkuu wako wa kazi, fupisha. Tumia cheo chake, mtakie afya, basi. Sifa nyingi kwa bosi mbele ya watu husomeka kama kujipendekeza, hata kama unazimaanisha. Na kama mmezoeana kwa utani, uwe ni wa makabila au wa rika, mtumie utani huo kwenye simu yake mwenyewe, si kwenye grupu.

Kwa ndugu wa mbali: jitambulishe kabla ya yote

Hapa ndipo watu wengi hukwama. Unajua kuna ndugu wa baba yako yuko Dodoma, mara ya mwisho mlionana msibani. Umwiteje?

Uliza nyumbani kwanza. Kwa desturi za familia zetu nyingi, mwanaume ambaye baba yako anamwita ndugu, hata kama ni mtoto wa baba yake mdogo, kwako ni baba pia. Lakini je, ni baba mkubwa au baba mdogo? Hiyo hutegemea amezaliwa kabla au baada ya baba yako, wakati mwingine hutegemea mzee wake ni yupi kati ya ndugu. Ukimwita baba mdogo mtu ambaye ni baba mkubwa, umemshusha siku yake mwenyewe. Simu moja kwa shangazi itakuokoa.

Ukishajua, andika hivi:

"Shikamoo baba mkubwa. Mimi ni mtoto wa pili wa mdogo wako wa Kibondo, tulionana kwenye msiba wa bibi. Mama kaniambia leo ni siku yako ya kuzaliwa. Mungu akujalie afya. Huku wote wazima, mahindi yameshika vizuri."

Sentensi ya mwisho ina kazi kubwa. Ndugu wa mbali anataka habari za nyumbani kuliko sifa. Ila usiongeze ombi. Ukimtakia heri kisha ukaomba hela ya mbolea kwenye ujumbe huohuo, ataelewa kwamba salamu ilikuwa njia tu. Kama una shida kweli, mpigie siku nyingine.

Kabla hujabonyeza kutuma

Kwa wenye simu za kawaida, SMS moja hubeba herufi 160, pamoja na nafasi na nukta. Ujumbe wa mama hapo juu unaingia ndani ya moja. Ukiongeza kikatuni kimoja cha keki au moyo, uwezo wa SMS hushuka hadi herufi 70, na ujumbe huohuo hukatwa vipande vitatu, nawe unahesabiwa SMS tatu. Hata alama ya ng' iliyopinda, inayokuja unaponakili kutoka kwingine, inaweza kuleta hilo. Iandike mwenyewe kwa vidole vyako.

Mwisho, usome ujumbe kwa sauti, kama mjukuu atakavyomsomea bibi. Ukifika mahali ambapo unaona hivyo sivyo unavyoongea naye, futa hapo. Yule msikilizaji alituma ujumbe wake mpya siku mbili baada ya tarehe yenyewe. Mama hakusubiri jioni; alipiga yeye.