Jumapili Isiyo na Tarehe

Tuseme msafirishaji anayepitisha malori Namanga anataka kujua ni siku zipi za wiki ambazo, mwaka 2025, Tanzania na Kenya zilipumzika kwa pamoja. Anamwachia karani wake kazi hiyo. Karani anafungua kalenda, anaandika siku zote zilizoangukiwa na sikukuu za Tanzania, kisha zile zilizoangukiwa na sikukuu za Kenya, halafu anachukua siku zinazoonekana kwenye orodha zote mbili. Kazi imekwisha, jibu linapelekwa kwa bosi. Na jibu hilo si sahihi, ingawa karani hakukosea kusoma kalenda hata mara moja.

Tuifuate kazi yake polepole. Tuchukue sikukuu za tarehe isiyohama tu, tuache Pasaka na Idi, na tuhesabu siku yenyewe ya sikukuu hata kama mapumziko yanasogezwa Jumatatu. Kwa Tanzania tuna Mwaka Mpya (Jumatano), Mapinduzi ya Zanzibar tarehe 12 Januari (Jumapili), Karume Dei 7 Aprili (Jumatatu), Muungano 26 Aprili (Jumamosi), Mei Mosi (Alhamisi), Saba Saba (Jumatatu), Nane Nane (Ijumaa), Nyerere Dei 14 Oktoba (Jumanne), Uhuru 9 Desemba (Jumanne), Krismasi (Alhamisi) na siku inayoifuata (Ijumaa). Kenya ina Mwaka Mpya, Mei Mosi, Krismasi na siku inayoifuata kama jirani yake, na juu ya hizo Madaraka 1 Juni (Jumapili), Mazingira 10 Oktoba (Ijumaa), Mashujaa 20 Oktoba (Jumatatu) na Jamhuri 12 Desemba (Ijumaa).

Orodha ya karani kwa Tanzania ina siku zote saba. Ya Kenya ina tano: Jumatatu, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa na Jumapili. Zinazopatikana kote kuwili ni hizo hizo tano, na ndilo jibu alilompa bosi.

Sasa rudi kwenye tarehe. Sikukuu ambazo nchi hizi mbili zinazo kwa pamoja katika orodha yetu ni nne tu: 1 Januari, 1 Mei, 25 Desemba na 26 Desemba. Zimeangukia Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Siku tatu. Jumatatu na Jumapili zimetoka wapi? Jumapili imeingia kwa sababu Tanzania iliadhimisha Mapinduzi Jumapili moja ya Januari, na Kenya ikaadhimisha Madaraka Jumapili nyingine ya Juni. Hakuna Jumapili hata moja iliyokuwa sikukuu ya wote. Jumatatu ni vilevile: Karume Dei na Saba Saba upande mmja, Mashujaa upande wa pili, na tarehe hazikutani.

Wanahisabati wana lugha fupi ya jambo hili. Kanuni inayoipa kila tarehe siku yake ya wiki ni fanksheni, tuiite f. Sifa yake moja ndiyo inayoifanya fanksheni: kila tarehe ina siku moja, wala si mbili. Ukichukua seti ya tarehe, tuiite A, na kukusanya siku zote zinazotokea, unapata taswira ya A, inayoandikwa f(A). Kuna pia njia ya kurudi: ukichukua seti ya siku, tuiite C, na kukusanya tarehe zote zinazoangukia siku hizo, unapata chimbuko la C, linaloandikwa f⁻¹(C).

Ikiwa A ni sikukuu za Tanzania na B ni za Kenya, karani alipiga hesabu ya f(A) ∩ f(B), yaani makutano ya taswira. Bosi alitaka f(A ∩ B), yaani taswira ya makutano. Ya pili imo ndani ya ya kwanza siku zote, lakini ya kwanza inaweza kuizidi.

Ajabu ni kwamba bosi angeuliza swali la muungano, karani angekuwa sahihi kwa njia ile ile. Ni siku zipi zilizoangukiwa na sikukuu ya nchi moja au nyingine? Unganisha orodha mbili za siku, au unganisha kwanza tarehe ndipo utafute siku zake. Jibu ni moja, kwa kalenda yoyote na kwa fanksheni yoyote. Mtu akiona njia imefanya kazi upande wa muungano, ni rahisi kuamini itafanya kazi upande wa makutano pia. Kwa nini basi moja inakubali na nyingine inakataa?

Jibu limo katika maana ya kuwa ndani ya taswira. Jumapili imo katika f(A) maana yake ni hii: *ipo* tarehe ndani ya A iliyoangukia Jumapili. Kila siku inayoingia kwenye taswira huingia kwa ushahidi wa tarehe fulani. Kwa muungano, shahidi mmoja anatosha, awe ametoka A au B, na haijalishi ni wapi. Kwa makutano mambo ni magumu zaidi. Ili Jumapili iingie katika f(A ∩ B) anatakiwa shahidi mmoja aliyemo katika seti zote mbili. Ili iingie katika f(A) ∩ f(B) wanakubaliwa mashahidi wawili, 12 Januari kwa Tanzania na 1 Juni kwa Kenya. Taswira haihifadhi jina la shahidi. Ukishaandika “Jumapili” na kuifuta tarehe, huwezi tena kujua kama Jumapili ya orodha moja ndiyo Jumapili ya orodha nyingine.

Hapo tunajua pia ni lini njia ya karani ni salama. Tatizo lilihitaji tarehe mbili tofauti zinazoshiriki siku moja. Zikikosekana, mashahidi wawili wa Jumapili lazima wawe shahidi yule yule. Chukua wiki moja tu, 22 hadi 28 Desemba 2025: tarehe saba, siku saba, kila moja na yake. Ndani ya wiki hiyo, makutano ya taswira na taswira ya makutano hayatofautiani kamwe, uchague A na B upendavyo. Fanksheni ya namna hii huitwa ya moja kwa moja. Na zikiwepo tarehe mbili tu zenye siku moja, usawa unavunjika papo hapo: fanya A iwe na 12 Januari peke yake, B iwe na 1 Juni peke yake. Makutano yao hayana kitu, taswira ya seti tupu ni tupu, lakini taswira zao mbili zinakutana kwenye Jumapili.

Kutoa nako kuna kasoro, ila inaelemea upande wa pili. Sikukuu za Tanzania zisizo za Kenya ziliangukia siku tano tofauti, ilhali ukitoa orodha ya siku za Kenya kwenye ya Tanzania unabaki na Jumanne na Jumamosi tu. Makutano yalimpa karani siku za ziada. Kutoa kungemnyang'anya siku halali.

Chimbuko halina shida hizi hata moja, na kwangu mimi huu ndio upande mzuri zaidi wa habari. Chukua C kuwa Ijumaa na Jumamosi, D kuwa Jumamosi na Jumapili, na tubaki na sikukuu za Tanzania. Chimbuko la C ni Nane Nane, 26 Desemba na Muungano. Chimbuko la D ni Muungano na Mapinduzi. Yanakutana kwenye Muungano peke yake, na hilo ndilo chimbuko la Jumamosi, siku pekee iliyomo katika C na D. Hii si bahati. Kuuliza kama tarehe imo katika f⁻¹(C) hakuhitaji kutafuta shahidi. Tarehe iko mkononi, ina siku moja tu, unaitazama siku hiyo: imo katika C au haimo? Imo katika C *na* D? Swali ni lile lile juu ya kitu kile kile, kwa hiyo “na”, “au” na “si” zote zinapita bila kupotea.

Lakini usidhani kwamba kurudi kwa njia ya chimbuko kunakufikisha ulikotoka. Chukua sikukuu nane za Kenya, pata siku zake tano, kisha rudi na ukusanye tarehe zote za 2025 zilizoangukia siku hizo. Mwaka ule ulianza Jumatano, kwa hiyo Jumatano zilikuwa 53 na kila siku nyingine 52. Ulitoka na tarehe 8, unarudi na 261.

Kosa la karani limewahi kufanywa na mtu mkubwa. Mwaka 1905 Mfaransa Henri Lebesgue, ambaye jina lake limebaki kwenye nadharia ya kisasa ya vipimo, aliandika makala ndefu juu ya fanksheni. Ndani yake alishughulikia seti za Borel, zile zinazojengwa kutoka kwenye seti sahili kwa kuunganisha na kukutanisha tena na tena. Alidai kwamba ukiwa na seti ya namna hiyo kwenye bapa, na kuiangusha kivuli chake juu ya mstari, kivuli nacho ni seti ya Borel. Kivuli ni taswira: nukta nyingi za bapa huangukia nukta moja ya mstari. Katika hoja yake alichukua mfuatano wa seti zinazopungua, kila moja ndani ya iliyotangulia, akapitisha kivuli ndani ya makutano yao.

Kosa lake lina utetezi ambao karani hana. Seti mbili zikiwa moja ndani ya nyingine, makutano yao ni ile ndogo, na usawa hauvunjiki. Ziwe tatu, ziwe mia, bado unasimama. Unavunjika mfuatano unapokuwa hauna mwisho. Fikiria kalenda isiyokoma. Seti ya kwanza iwe Jumapili zote kuanzia 2025, ya pili kuanzia 2026, ya tatu kuanzia 2027, na kuendelea. Taswira ya kila moja ni Jumapili, kwa hiyo makutano ya taswira ni Jumapili. Lakini taja Jumapili yoyote, na iko seti inayoanza baada yake. Makutano ya seti zenyewe ni tupu.

Dai la Lebesgue lilikaa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1916 Mikhail Suslin, kijana wa miaka kama 22 aliyekuwa mwanafunzi wa Nikolai Luzin huko Moscow, aliisoma makala ile na kuliona kosa. Kisha akaenda mbele zaidi ya kulisahihisha: alionyesha kwamba viko vivuli vya seti za Borel ambavyo si seti za Borel. Taarifa yake fupi ilitoka Paris mwaka 1917. Alifariki kwa homa ya taifasi mwaka 1919, na vivuli vile, ambavyo sasa huitwa seti za kianalitiki au seti za Suslin, vikawa tawi zima la utafiti ambalo Luzin na wanafunzi wake waliendelea kulilima.