Kodi Isiyojulikana Katika Mkataba wa Mwaka

Mkataba wa nyumba mara nyingi humfikia mpangaji ukiwa umekwisha kuchapwa, naye huambiwa atie sahihi tu. Ndani yake huenda kukawamo kifungu kifupi kisemacho kwamba mwenye nyumba aweza kubadilisha kodi wakati wowote kwa notisi ya mwezi mmoja. Mama anayekisoma kifungu hicho akauliza, "Basi mwaka huu nimekodi kwa bei gani?" ameuliza swali la haki.

Na tuchukue mfano. Mama huyo amepanga nyumba Mombasa kwa mwaka mmoja, kodi shilingi 18,000 kwa mwezi. Kwa hesabu yake, mwaka mzima atalipa shilingi 216,000. Katika mwezi wa tano yamjia notisi kwamba kuanzia mwezi wa sita kodi ni 22,000. Miezi mitano ya mwanzo ni 90,000, na saba iliyobaki ni 154,000, jumla 244,000. Zimezidi shilingi 28,000 ambazo hakuziweka katika hesabu ya nyumba yake. Isitoshe, hakuna neno katika kifungu kile linalozuia notisi nyingine mwezi wa nane. Mpangaji amefungika mwaka mzima, lakini bei haikufungika.

Wanazuoni wa fiqhi wameihesabu ijara kuwa ni kuuza manufaa kwa ujira. Katika madhehebu yetu ya Shafii, ni sharti ujira huo ujulikane, kama vile bei ya bidhaa inavyotakiwa ijulikane. Sababu yake ni kuondoa gharari, yaani ule utata unaomfanya mtu aingie katika mapatano bila kujua amejifunga na nini, kisha ukazaa ugomvi. Kodi iliyoachwa katika hiari ya upande mmoja imo katika utata huo. Ama wakikaa wote wawili katikati ya mwaka, wakaridhiana kodi mpya kwa miezi ijayo, hapo hapana ubaya, kwa kuwa ni mapatano mapya.

Wala si kila kifungu cha nyongeza kina kasoro. Kikisema kodi itakuwa 18,000 kwa miezi sita, kisha 19,000 kwa miezi sita, yote yamejulikana tangu mwanzo. AAOIFI, taasisi inayoweka viwango vya Sharia kwa benki za Kiislamu, yakubali hata kodi inayobadilika, kwa masharti: kodi ya kipindi cha kwanza itajwe kwa kiasi chake, nyongeza za baadaye zifuate kipimo kilicho wazi, na kipimo hicho kiwekewe kikomo cha juu na cha chini.

Je, dai hili litapelekwa wapi? Wengi hudhani ni kwa Kadhi. Katiba ya Kenya ya 2010 imeipa Mahakama ya Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi tu. Kadhi aweza kusuluhisha kwa hekima, lakini hukumu ya kodi si yake. Sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, hulinda nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kisheria haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na nyumba ya mfano wetu haimo. Hapo mahakama hutazama mkataba wenyewe: kama hauna kifungu cha nyongeza, mwenye nyumba hawezi kupandisha kodi peke yake kabla muda kwisha, kama kimo na umekitia sahihi, huenda ukabanwa nacho. Duka lililopangwa bila maandishi, au kwa mkataba usiozidi miaka mitano, lina ulinzi mkubwa zaidi chini ya Sura ya 301: notisi ya kupandisha kodi iwe katika fomu maalumu, ya miezi miwili au zaidi, na mpangaji aweza kuipinga barazani kabla ya tarehe yake kufika.

Kwa hiyo wakati wa kusema ni kabla ya sahihi. Omba kifungu kile kifutwe, na badala yake iandikwe: "Kodi haitabadilika katika miezi kumi na miwili ya mkataba huu, ila kwa maandishi yaliyotiwa sahihi na pande zote mbili." Mabadiliko hayo yatiwe sahihi ubavuni na wote wawili, katika nakala zote mbili.

Aliyekwisha kutia sahihi asisimamishe kodi, kwani hilo humpa mwenye nyumba sababu ya kumtoa. Na ajibu notisi kwa maandishi mapema, aeleze kwamba hakuridhia, apendekeze nyongeza ianze mkataba mpya utakapoandikwa. Akilazimika kulipa kiasi kipya, aandike kwamba analipa huku akipinga. Malipo ya kimya huweza kuchukuliwa kuwa ni ridhaa. Risiti na ujumbe wa M-Pesa avihifadhi pamoja na mkataba.